Kupanga noti kwa saa kabla ya kumkabidhi mgonjwa wodi

Habari za jioni ndugu zangu. Naomba turekebishe jambo moja la makabidhiano kuanzia zamu ya leo.

Mgonjwa wa juzi mwenye nimonia, karatasi yake ya triaji ilisema presha 84/50, saa 8:10. Mwandishi alimaanisha saa nane usiku. Noti ya daktari ikasema lita moja ya Ringa imeisha 03:05, presha 104/62. Tulipomkabidhi 09:00, wodi walisoma 8:10 kuwa ni asubuhi, wakaona presha imeshuka baada ya maji, wakataka kumwongezea dripu. Kumbe ilikuwa imepanda. Iliniumiza, maana mapafu yale hayakuhitaji maji zaidi.

Kwa hiyo tuandike mtindo wa saa 24 tu: 02:10, siyo 8:10 usiku. Anayekabidhi akusanye triaji, chati ya dawa na noti za daktari, ahamishie kila tukio kwenye karatasi moja kuanzia mgonjwa alipofika. Saa inayotumika ni ya tukio, siyo ya kuandika. Ukichelewa kuandika, weka zote mbili: "02:40 seftriaksoni gramu 2 mshipani, imeandikwa 04:15". Damu ya kuotesha ilichukuliwa 02:30, basi ikae juu yake, wodi wajue ilitangulia dawa.

Usipojua saa, usikisie. Andika "kati ya 02:10 na 03:05". Na ukikuta triaji imeangukia chini ya matibabu, simama, kuna saa imekosewa.