Nyanya Ikilegea Mchana, Chimbua Mzizi Kabla ya Kuongeza Maji

Januari iliyopita mama mmoja wa Kisauni alitupigia simu kwa hasira: miche ya nyanya tuliyomuuzia ni mibovu. Ikifika saa sita mchana inalegea, jioni inasimama, na majani yanazidi kuwa manjano. Alikuwa ameshaanza kumwagilia asubuhi na jioni, na mbolea akaongeza.

Tulipofika hatukuhangaika na majani. Tulichimbua shina moja polepole, tukalisuuza ndani ya ndoo. Mizizi ilikuwa imevimba vifundo vifundo kama tangawizi changa. Bamia za tuta la pili zilikuwa na hali mbaya zaidi. Tukakimbilia kitaluni kukagua miche iliyobaki ya kundi lile lile, tukakuta mizizi safi, nasi tukapumua.

Huyo ni minyoo fundo. Kwa macho humuoni. Kinyoo kichanga huingia kwenye ncha ya mzizi, jike hutulia humo humo akinyonya, mzizi unavimba kumzunguka, naye anataga mamia ya mayai. Kwa joto la Mombasa kizazi kipya hupatikana kwa takriban mwezi mmoja, kwa hiyo msimu mmoja wa nyanya unamlea mara tatu hivi. Udongo wa kichanga kama wetu unampendeza sana. Mmea hulegea juu ya udongo uliolowa kwa sababu mzizi uliovimba haupitishi maji vizuri. Ndiyo maana ndoo za yule mama hazikusaidia.

Lakini usiogope kila kifundo. Kunde nazo zina vinundu, ila hivyo vimebandikwa ubavuni mwa mzizi, ukivikwangua kwa ukucha vinatoka, na ndani vina rangi ya waridi. Kifundo cha minyoo hakibanduki, maana ni mzizi wenyewe ulionenepa.

Tulimshauri aing'oe mimea yote, mizizi ichomwe, isitupwe kwenye shimo la mboji. Kisha tukapika udongo kwa jua. Tuta lake lilikuwa mita 1.2 kwa 5, tukakata plastiki angavu ya mita 2 kwa 6. Iwe ile inayopitisha mwanga. Nyeusi hupata moto yenyewe, udongo chini yake haupati joto la kutosha. Tulilima tuta, tukavunja mabonge, tukalisawazisha, tukalimwagilia mpaka unyevu ukashuka kama sentimita 30, kwa kuwa udongo mkavu haupeleki joto chini. Plastiki ikalazwa ikigusa udongo, kingo zikafukiwa kwenye mtaro pande zote. Ilikaa wiki sita, mwisho wa Januari hadi katikati ya Machi, wakati wa jua kali la kaskazi. Mvua ya mwaka ikishaanza na mawingu yakitanda, kazi hii haina faida.

Tuta moja lilituangusha. Upande wake wa magharibi una mwembe, kivuli kinaingia saa tisa, na paka alitoboa plastiki bila mtu kugundua kwa siku kadhaa. Nyanya za upande huo zilirudi na vifundo Juni. Hata pale palipofaulu, joto linaloua hufika sentimita chache za juu, 15 au 20 ukibahatika, na kingoni huwa hafifu. Waliojificha chini zaidi hupanda tena taratibu. Kwa hiyo usilime kwa kina baada ya kufunua. Utawaleta juu mwenyewe.

Kinachopandwa baadaye ndicho kinachoamua. Watu wengi hutoa nyanya wakaweka biringanya, au bamia, tango, mchicha, wakidhani wamebadilisha zao. Kwa minyoo fundo hiyo ni sahani ileile. Tuta lililopikwa linaweza kupewa nyanya mara moja, halafu liingie mmea wa marejea au ua la merigoldi, lipandwe kwa kubanana tuta zima na likae angalau miezi miwili. Magugu yang'olewe, kwani mengi yao huwahifadhi minyoo. Merigoldi mbili tatu pembeni mwa nyanya zinapendeza tu. Yule mama ana matuta manne, hivyo sasa nyanya na bamia ziko kwenye mawili, mengine mawili yanapumzika na marejea, na jembe linaoshwa kabla ya kuvuka.

Wengine hutuuliza mbegu zenye herufi VFN kwenye pakiti. Hiyo N ni ukinzani wa minyoo hawa. Tunaziuza, lakini tunasema ukweli: udongo ukizidi nyuzi 28 hivi, ukinzani huo hulegea, na tuta la Mombasa lisilotandazwa nyasi hupita hapo mchana mwingi. Zipande msimu wa baridi, Juni hadi Agosti, na utandaze nyasi kavu.

Ukitaka tukuangalizie, leta mzizi mzima ndani ya mfuko uliofungwa vizuri. Utufungulie nje ya geti, tafadhali, si kitaluni.