Skani ya fotokopi si cheti ghushi

Kwa Mhariri,

Nimewasoma kwa miaka mingi bila kuwaandikia, lakini ripoti yenu kuhusu vijana wanaokataliwa vyuoni na kazini kwa sababu ya "vyeti vya kutiliwa shaka" imenikera. Mwandishi wenu aliwaweka chungu kimoja walioghushi vyeti na waliotuma skani ya fotokopi. Huko ni kuwaonea watoto wa watu.

Binti yangu alirudishiwa ombi na chuo kimoja hapa Nairobi, akaambiwa tu kwamba cheti chake cha kuzaliwa hakikubaliki. Cheti ni halali na kiko nyumbani ndani ya bahasha. Alichokuwa nacho mjini siku hiyo ni fotokopi, na mhudumu wa saiba akaiskani hiyo hiyo bila kumwuliza kitu. Nilipoifungua ile faili nikaelewa mara moja. Muhuri wa msajili ulikuwa doa jeusi. Tarehe iliyo katikati ya muhuri haikusomeka, na sahihi iliyopita juu yake ilikuwa imemezwa.

Mambo mawili yalitokea, na hakuna aliyemweleza hata moja. Kwanza, fotokopi ya kawaida haina rangi: muhuri wa zambarau, kalamu ya buluu na maandishi yaliyochapishwa vyote hutoka vyeusi au kijivu tu. Pili, saiba nyingi huskani kwa "Black & White" ili faili iwe nyepesi na ipande haraka. Katika mpangilio huo kila nukta hulazimishwa kuwa nyeusi au nyeupe, hakuna katikati. Wino hafifu hutoweka, wino mzito huvimba, na mkunjo wa karatasi hugeuka mstari mweusi unaokata jina la mtu. Afisa anayepokea anatafuta dalili kwamba wino uligusa karatasi ile. Muhuri wa rangi uliopanda juu ya maandishi meusi unamwonyesha kwamba uligongwa baada ya cheti kuchapishwa. Fotokopi inaiua dalili hiyo. Mtu anaweza kukata muhuri wa cheti kingine, akaubandika, akatoa fotokopi, na kingo za karatasi iliyobandikwa zisionekane kabisa. Ndiyo maana afisa anakataa, na hapo simlaumu. Ninachomlaumu ni kunyamaza kwake, kwa sababu binti yangu alirudi saiba akaiskani fotokopi ileile kwa rangi, akakataliwa tena. Angejuaje kwamba skani ya rangi ya karatasi isiyo na rangi hairudishi kilichopotea?

Kinachotakiwa ni kuweka cheti chenyewe juu ya kioo cha skana, kuchagua "Color" na 300 dpi, kisha kuhakikisha kingo zote nne zinaonekana. Ikiwa ofisi imeomba nakala iliyothibitishwa, fotokopi inafaa, mradi wakili aione asili kwanza, kisha agonge muhuri wake na kutia sahihi juu ya hiyo fotokopi. Karatasi hiyo yenye wino wake ndiyo inayoskaniwa kwa rangi. Ukiitolea fotokopi nyingine, uthibitisho wa wakili nao umekuwa doa jeusi.

Kuna mahali ambapo skani haitoshi hata ikiwa safi namna gani. Muhuri wa kukandamiza, ule unaousikia kwa kidole, hauonekani vizuri kwenye skana. Alama ya maji huonekana ukiinua karatasi kwenye mwanga. Kwa hiyo anayeomba pasipoti hujaza fomu kwenye eCitizen, lakini akifika Nyayo House hutakiwa kuonyesha vyeti asili. Mahakamani nako, Sheria ya Ushahidi, Sura ya 80, inataka hati ithibitishwe kwa asili yake isipokuwa pale sheria yenyewe inaporuhusu nakala.

Lakini kuonyesha asili si kuiacha! Wako waajiri na mawakala wa kazi za nje wanaochukua vyeti asili na kuvifungia kabatini, kijana akitaka kuondoka anazungushwa. Ofisa akishakilinganisha cheti na nakala, akirudishe papo hapo mkononi mwa mwenyewe. Hilo nalo mliandikie ripoti.

Naomba jambo moja kwa kila ofisi inayopokea vyeti mtandaoni. Jibu la kukataa liwe na mojawapo ya sentensi hizi tatu: "Skani cheti asili kwa rangi," "Leta nakala iliyothibitishwa na wakili," au "Njoo na cheti asili." Na wenye saiba karibu na Huduma Centre ya GPO wabandike juu ya skana karatasi yenye swali hili, kwa herufi kubwa: HII NI ASILI AU FOTOKOPI? Mhudumu aulize kabla hajafunga kifuniko.

Mzazi,
Umoja, Nairobi