Barua ya wazi kwa vijana mnaopanga harusi ya Desemba hapa Moshi

Wanangu,

Salaam kutoka Kiboriloni. Mwaka hata mwaka mnanifuata mniombe niwe mwenyekiti wa kamati, na mara nyingi mnakuja na karatasi inayoanzia siku ile mliyonijia: wiki hii tuchapishe kadi za michango, mwezi ujao tutafute ukumbi, mengine tutayaona mbele. Kwa harusi ya Desemba mkoani Kilimanjaro karatasi hiyo haifiki. Shikeni tarehe ya harusi, iandikeni chini kabisa ya ukurasa, kisha pandeni kurudi nyuma. Kila mara jiulizeni: ili hili liwezekane siku hii, ni nini kinapaswa kuwa kimekwisha, na lini?

Nitawaonyesha kwa harusi moja ninayoisimamia, ya Jumamosi tarehe 26 Desemba 2026, wageni mia tatu. Wazazi wa pande zote wameniruhusu kuitumia.

Anzeni na siku yenyewe. Wageni wanaingia ukumbini saa kumi na mbili jioni, ndoa ni saa nane mchana. Mpambaji wa ukumbi wa watu mia tatu hawezi kumaliza kwa asubuhi moja, anahitaji kuingia tangu jana yake. Lakini jana yake ni Krismasi, na ukumbi mzuri unaweza kuwa umekodishwa kwa sherehe nyingine hadi usiku wa manane. Kwa hiyo swali la "tarehe 25 ukumbi una nani?" linaulizwa siku mnayoukodi, karibu mwaka mzima kabla, na jibu linaandikwa kwenye risiti. Mkiliuliza wiki ya harusi, mpambaji ataanza kufunga vitambaa saa tisa usiku, na bibi harusi atakuta ngazi bado zimesimama katikati ya ukumbi.

Panda kidogo. Mwaka huo Krismasi ni Ijumaa, tarehe 26 ni sikukuu pia, na tarehe 27 ni Jumapili. Benki zinafungwa siku tatu mfululizo. Salio la ukumbi, la mpishi na la mshereheshaji linalipwa lote kabla ya Alhamisi tarehe 24 mchana, na sisi tumeweka Jumanne tarehe 22. Mweka hazina asitegemee kwamba atatuma kwa simu siku ya harusi: malipo ya namna hiyo yana kikomo cha siku, na wakala wa jirani huenda yuko kijijini kwao anakula sikukuu.

Mbege nayo ina kalenda yake isiyobembelezwa. Ndizi zikatwe ziive, zichemshwe, maji yake yachachuke, ndipo kimea cha ulezi kipikwe kichanganywe. Hesabuni kama wiki mbili. Na mbege haikai: ikipita siku chache inakuwa kali mno, wazee wataishika kata kwa heshima tu. Ili inyweke vizuri tarehe 26, ndizi zifunikwe kuiva karibu na tarehe 12, na mama mpishi awe ameshaambiwa tangu Oktoba, kwa sababu wiki hiyo kila ukoo unapika.

Mpishi wa chakula anataka idadi kamili wiki mbili kabla, yaani tarehe 12 hiyo hiyo. Idadi kamili haitoki kichwani kwa mwenyekiti, inatoka kwenye orodha ya waliochanga na waalikwa wa heshima. Kwa hiyo michango ifungwe kabla yake, na kadi za mwaliko zigawiwe kati ya kufunga michango na tarehe 12. Sisi tunafunga Jumatatu tarehe 30 Novemba.

Hapa ndipo ninapowaomba mkae nami, maana hapa ndipo harusi nyingi zinapokwama. Kamati hupima muda wa michango kwa wiki. Waulizeni wanaochanga: wao wanapima kwa mishahara. Mtu aliyeahidi laki moja hatoi kwa kuwa mmemkumbusha kwenye grupu, anatoa mwisho wa mwezi ukifika. Na mshahara wa Desemba msiuhesabu kabisa, kwa kuwa una nauli ya kurudi nyumbani, una mbuzi wa Krismasi na una ada ya Januari. Kwa hiyo kutoka 30 Novemba rudini nyuma mkihesabu mishahara: Novemba, Oktoba, Septemba, Agosti, Julai. Mitano inatosha kwa mtu kugawa ahadi yake bila kuumia. Ili mshahara wa Julai uwemo, kadi za michango ziwe mikononi mwa watu kabla ya katikati ya mwezi huo, na kikao cha kwanza kikawa Jumapili tarehe 12 Julai.

Katikati ya mishahara hiyo tumeweka kituo cha kupimia, mwanzoni mwa Oktoba. Mweka hazina atasoma fedha zilizoingia, siyo ahadi. Bajeti yetu ni milioni kumi na nane. Ikiwa mishahara mitatu imepita na hazijafika milioni tisa, tunapunguza wageni kutoka mia tatu hadi mia mbili na ishirini siku hiyo hiyo, kabla kadi za mwaliko hazijachapishwa na kabla mpishi hajanunua kitu. Uamuzi huu ukifanywa Oktoba ni hesabu tu. Ukifanywa katikati ya Desemba ni deni, au ni mama wa watu anayezuiwa mlangoni.

Kamati ya sendofu iko upande wa bibi harusi, nayo inagonga milango ile ile: shangazi, wafanyakazi wenzake, majirani. Sendofu yetu ni Jumamosi tarehe 19. Makatibu wa pande mbili wamekaa meza moja wakakubaliana kwamba michango ya sendofu itangulie kufungwa, mwisho wa Oktoba. Msiwe na karatasi mbili zisizofahamiana.

Upande wa kanisa, hesabu ni nyepesi lakini haina huruma. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataka taarifa ya kusudio la kuoana itolewe siku 21 kabla, na kanisani matangazo husomwa Jumapili tatu. Kwa tarehe 26 Desemba sisi tumechagua 22 na 29 Novemba na 6 Desemba, zikabaki Jumapili mbili za akiba ikitokea barua kutoka usharika wa mmoja wa maharusi imechelewa. Mafundisho ya ndoa na vyeti viwe tayari kabla ya matangazo ya kwanza. Kwa ninyi Wakatoliki, parokia nyingi zinataka cheti cha ubatizo kilichotolewa upya ndani ya miezi sita, kwa hiyo kukichukua Januari ni kazi bure. Kiombeni Agosti, hasa kama mlibatizwa mbali. Na ulizeni mapema taratibu za parokia kuhusu ndoa wakati wa Majilio. Tarehe 26 inaponyoka kwa sababu Majilio yanaishia Krismasi, lakini tarehe 12 au 19 isingekuwa hivyo kila mahali.

Nguo nitazipita haraka: vitambaa vya sare vinunuliwe Septemba, mafundi wamalize Novemba. Desemba cherehani zote za mji zinashona nguo za sikukuu na sare za shule.

Sasa tumefika Julai tukirudi nyuma, na bado kuna vitu juu yake. Kikao cha kwanza hakiwezi kuitishwa kama mahari haijazungumzwa ikaeleweka, maana hakuna mjomba atakayechangia sendofu ya binti ambaye mambo yake hayajakaa sawa. Tumeipa mahari hadi mwisho wa Juni. Na kabla ya mahari kuna barua ya posa. Lini? Hapa Uchagani wazee wote, wa Dar, wa Mwanza na wa Nairobi, wanakutana nyumbani wakati mmoja tu wa mwaka. Harusi ya Krismasi ya 2026 inazaa posa ya Krismasi ya 2025. Siku hiyo mnapeleka barua, na wazee wakiwa wamekaa mnaomba wakubaliane tarehe. Bila tarehe iliyokubaliwa na pande mbili, msiweke senti kwenye ukumbi wowote.

Mkishaipata, msingoje. Wanaotoka kwenye harusi za Desemba hii ndio wanaoanza kushika kumbi za Desemba ijayo, tena Januari. Mbinu ya kujua nani ashikwe kwanza ni hii: nani hawezi kuhudumia harusi mbili kwa wakati mmoja? Ukumbi, kanisa, mshereheshaji, mpiga picha, mpambaji. Hao ndio wa kuwahi. Keki, vinywaji na magari vinapatikana kwa wengi, vinaweza kungoja Septemba.

Lakini tazameni karatasi tena, mtaona pengo ambalo halionekani ukipanga kwenda mbele. Ukumbi wetu ni milioni tatu, wanataka nusu kama kianzio. Vianzio vya mshereheshaji, mpiga picha na mpambaji vinafika milioni moja na laki mbili. Jumla ni milioni mbili na laki saba, na mchango wa kwanza utaingia mwisho wa Julai. Fedha hiyo inatoka mifukoni mwenu wawili. Kama hamnayo Januari, basi kuweka akiba ndilo jambo linalokaa juu kabisa ya ukurasa, mwaka mmoja kabla ya posa. Ikiwa mna ya ukumbi tu, lipieni ukumbi, wengine wapeni neno na tarehe ya kulipa isiyopita Machi.

Na siku ya kukodi mnafanya hivi. Jumatatu tarehe 5 Januari asubuhi mnakwenda ukumbini, mnaomba washikilie tarehe 26 Desemba kwa siku tatu bila malipo. Wengi hukubali mkifika wenyewe na mzazi mmoja. Kutoka hapo mnakwenda ofisi ya usharika, mnaandikisha tarehe na saa ya ibada, kwa sababu siku hiyo mchungaji anaweza kuwa na jozi kadhaa na saa nane inaweza kuwa imejaa. Saa ikithibitishwa mnarudi ukumbini na kianzio. Risiti iandikwe tarehe, saa ya kuingia na kutoka, idadi ya viti, jenereta, maji, jiko la mpishi wenu, na saa ambayo mpambaji ataruhusiwa kuingia tarehe 25. Someni yote mkiwa bado mmesimama pale kaunta, kisha katibu aipige picha awatumie wazazi wa pande zote mbili.

Mzee wenu,
Kiboriloni, Moshi