Barua kwa msimamizi wa shule: mwanangu aondolewe kwenye ukurasa wa Facebook

Mombasa,
Tarehe 9 Juni

Kwa Msimamizi wa Shule,

KUH: KUONDOLEWA KWA PICHA ZA MWANANGU

Salaam. Mimi ni mama wa mwanafunzi wa Gredi ya 3. Jina la mtoto silitaji humu kwa makusudi. Nambari yake ya usajili iko kwenye kikaratasi kilichobanwa na barua hii.

Ijumaa ya wiki mbili zilizopita tulipita dukani kununua unga. Mwenye duka, ambaye hatujuani naye, akamwita binti yangu kwa jina na kumpongeza kwa kushika nambari mbili kwenye kuogelea. Mtoto akafurahi. Mimi nikauliza amejuaje, naye bila kusita akatoa simu na kunionyesha ukurasa wenu wa Facebook. Mtu mwema, sina neno naye. Lakini nilichokiona kwenye simu ile kilinikosesha usingizi: mwanangu amesimama kando ya bwawa na nguo ya kuogelea, maji yanamchuruzika, na chini yake mmeandika majina yake matatu, darasa lake, na kwamba ni “nyota wa basi la Bamburi”. Anayetaka kumngoja ameshaambiwa anaitwa nani, anasoma wapi na anashuka upande gani.

Jumatatu yake nilipiga simu. Karani alinisikiliza kwa upole, na kesho yake nikaona mmefanya jambo. Picha ilipandishwa upya, usoni mmembandika kibonzo cha ua. Majina matatu yamebaki palepale. Picha ya kwanza nayo haikuondoka. Bado iko ndani ya albamu ya siku ya michezo, pamoja na nyingine tano ambazo mwanangu anaonekana waziwazi. Kwa hiyo ua lile halikuficha kitu.

Nilipopiga mara ya pili niliambiwa kuwa nilitia saini fomu ya kujiunga. Ni kweli, na nakala yake ninayo. Kipengele hicho kinasema picha zitatumika kwa “kumbukumbu za shule”. Nilielewa ubao wa matangazo na jarida la mwisho wa mwaka. Facebook haikutajwa. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, kifungu cha 33, inataka idhini ya mzazi au mlezi kabla ya data ya mtoto kutumiwa, na kifungu cha 32 kinamwachia mwenye kuitumia data mzigo wa kuthibitisha kwamba idhini ilitolewa. Kifungu hichohicho kinaniruhusu kuondoa idhini wakati wowote. Basi hata tukisema saini ile ilihusu Facebook, leo naiondoa kwa maandishi.

Ninachoomba ni hiki. Picha zote sita zifutwe, si kufichwa, pamoja na ile ya ua, na maelezo yenye jina lake yaondoke nazo. Anayesimamia ukurasa akumbuke kwamba chapisho likitupwa kwenye pipa la Facebook hukaa humo hadi siku 30 na linaweza kurudishwa, kwa hiyo alifute na humo. Waliosambaza kutoka kwenu hawataliona tena asili yake ikishafutwa. Wasiwasi wangu ni waliopakua na kupandisha wenyewe: najua kundi moja la WhatsApp la wazazi lina picha ile, na hilo nitalifuata mwenyewe. Nanyi niambieni kama mlimpa mtu mwingine yeyote, hasa yule mpiga picha mliyemkodi, ambaye nasikia huweka kazi zake mtandaoni.

Viungo vya picha zote na picha za skrini nimeambatisha, kila moja na tarehe yake, ili asiwepo wa kusema hakujua ni ipi.

Kanuni za mwaka 2021 zinawapa siku 14 kujibu ombi la kufuta, nami nahesabu tangu barua hii ipokewe na kupigwa muhuri. Siku hizo zikipita nitapeleka malalamiko kwa Afisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data. Sitaki tufike huko. Lakini mnajua kwamba Septemba 2023 afisi hiyo iliitoza shule moja ya Uthiru, Nairobi, Sh 4,550,000 kwa kuchapisha picha za wanafunzi bila idhini ya wazazi.

Watoto wengine wa albamu ile si wangu, siwezi kuwasemea. Hata hivyo mtoto wa jirani yangu yuko kwenye picha ya tatu, na mamake hana simu ya intaneti. Sidhani kuna aliyemuuliza.

Nitakuja Alhamisi saa nne asubuhi kuchukua nakala iliyopigwa muhuri.

Wako mwaminifu,

Mzazi, Gredi ya 3

Nakala: Mwenyekiti, Chama cha Wazazi