Mbegu yangu haikufa, iliunguzwa

Wiki iliyopita nilipigiwa simu kabla hata sijafungua mlango wa biashara. Ni mama mmoja wa hapa Chake Chake, mteja wangu wa siku nyingi, na hakunipa nafasi ya kumaliza shikamoo. "Mwanangu, umeniuzia mbegu mfu. Maziwa yangu lita 3 yamebaki maziwa, na keshokutwa nina biriani ya harusi." Ukitaka kuniudhi mimi asubuhi, niambie neno hilo. Maana hii si mara ya kwanza, na kila mwezi hawakosi wawili watatu wanaokuja na kesi hiyohiyo: mtindi haukuganda, kwa hiyo muuza mbegu ni mwizi.

Nikafunga duka, nikachukua kipimajoto changu, kikombe kingine cha mbegu na lita 3 za maziwa ya asubuhi, nikaenda kwake. Sikwenda kugombana, nilitaka nimwone kwa macho yangu anavyofanya.

Mama huyu ni mpishi wa kuuza. Anageuza chapati kwa vidole tangu mimi sijazaliwa. Aliweka sufuria jikoni, maziwa yakapanda, akayaepua, akafunika kawa, tukakaa kuzungumza. Baada ya kitambo akafunua, akatia kidole cha shahada, akakitoa bila hata kukunja uso. "Vuguvugu," akasema, na mkono wa pili tayari umeshika kikombe cha mbegu.

Nikamwambia, "Mama, ngoja kwanza." Nikazamisha kipimajoto juu juu: nyuzi 49. Kisha nikakoroga maziwa kwa mwiko mpaka chini na kupima tena: nyuzi 57. Alinitazama kama nimemfanyia kiinimacho.

Palikuwa na mambo mawili hapo. La kwanza ni kidole. Watu wengi wamefundishwa kwamba ukiweza kutia kidole bila kuungua basi maziwa yako tayari. Hilo linaweza kumfaa mtu mwenye ngozi laini. Kidole cha mpishi wa chapati kinastahimili joto ambalo mbegu haistahimili. La pili ni utando. Maziwa yakitulia hufanya ngozi juu, na ngozi hiyo pamoja na maziwa ya juu hupoa upesi, huku tumbo la sufuria bado ni moto. Ukipima bila kukoroga, unapima kifuniko tu.

Mbegu ya mtindi si dawa wala unga wa kugandisha. Ni vijidudu hai vya aina mbili, ambavyo wataalamu huviita *Streptococcus thermophilus* na *Lactobacillus bulgaricus*. Vinakula sukari ya maziwa na kutoa uchachu, na uchachu huo ndio unaogandisha. Vinapenda joto la nyuzi 42 mpaka 44. Ukivitia kwenye 57, tena ukafunika vizuri ndani ya deli lisilopitisha hewa ili "joto lisitoke", unavipika polepole. Vingine vinafa, vinavyobaki vinazubaa, na asubuhi unakuta maziwa vilevile, pengine na harufu ya ajabu. Usiku ule mama alifanya hivyohivyo, na deli lake ni zuri kweli, halipotezi joto. Uzuri wa deli ndio uliomponza.

Kesi ya upande wa pili pia ipo, ila hiyo huniletea lawama nyingine. Mtu anaacha maziwa yapoe mpaka nyuzi 30, anatia mbegu, anaacha mezani. Wakati wa kaskazi, chumba chenyewe kina joto, mtindi utaganda lakini utachukua usiku mzima, utakuwa mlaini wa kuvutika, na vijidudu vya hewani vimepata nafasi ya kuingia. Kipupwe kikiingia, hata huo huupati. Huo ni mtindi wa aina nyingine, bibi zetu waliufanya na ni mtamu, lakini si ule mzito ulionunua mbegu yake kwangu.

Basi tukaanza upya na lita zangu 3, mbele ya binti zake wawili ambao walikuwa wanacheka chinichini.

Maziwa tuliyarudisha motoni mpaka nyuzi 85, na hapo tukayashikilia nusu saa kwa moto mdogo, tukikoroga yasishike chini. Hapa ndipo watu wengi hukata njia: wanachemsha mara moja yakapanda, wakaepua. Au muuza maziwa kawaambia "nimeshachemsha" na wao wakaamini, wakayapasha tu. Kuchemsha kunaua vijidudu vya ugonjwa, na hiyo ni lazima, kwa sababu maziwa mabichi yanaweza kuleta ugonjwa wa kutupa mimba ambao ng'ombe humwambukiza binadamu. Lakini ile nusu saa ina kazi nyingine. Kwenye maziwa mna protini mbili: moja ndiyo inayoganda, nyingine kwa kawaida hutoka na maji. Joto la nyuzi 85 likikaa, ile ya pili hujifunga kwenye ile ya kwanza, na zote zinaganda pamoja. Usipoipa muda, mtindi utaganda lakini utakuwa mwepesi, na ukitia kijiko maji ya kijanikijani yanajaa shimo. Halafu watu wanakuja kuniuliza mbona mtindi wangu ni mzito, nimetia wanga gani. Sitii wanga. Natia nusu saa na mkaa.

Tukaweka sufuria kwenye beseni la maji ya kisima, tukabadilisha maji mara mbili. Binti mkubwa ndiye aliyepewa kipimajoto, na kila dakika chache anakoroga na kusoma kwa sauti. Alipofika 44 tukaitoa sufuria kwenye maji. Mbegu nilipima vijiko 2 vya chakula kwa kila lita, yaani 6. Sikuimwaga moja kwa moja. Nilichota kikombe cha maziwa yaleyale, nikavuruga mbegu humo mpaka madonge yakaisha, ndipo nikarudisha sufuriani na kukoroga taratibu. Mama alitaka kuongeza. "Tia zaidi, igande upesi." Hapana. Ukizidisha mbegu uchachu unakimbia, mtindi unakuwa wa mchangamchanga na maji yanajitenga.

Tukagawa kwenye makopo safi yaliyosuuzwa kwa maji ya moto, tukayapanga ndani ya deli, tukamimina maji ya nyuzi 45 mpaka shingoni mwa makopo, tukafunika na juu yake blanketi. Nikamkataza asifungue wala asilisogeze. Saa tano baadaye aliniita. Nikainamisha kopo kidogo: mtindi ukaachana na ukingo, ukatikisika mzima mzima kama faluda. Hapo ndipo unapoingia kwenye friji, bila kukorogwa, ukalale usiku kucha. Ukiuacha kwenye joto kwa saa kumi utakuwa mkali wa kukunja uso. Ukiukoroga ungali moto utaachia maji.

Wakati tunasubiri, mama akanirudia na suala la bei, kwa sababu mzizi wa hasira ulikuwa huko. "Vijiko vichache vya mtindi unauza shilingi 2,000, na kikombe kizima cha mtindi wa matunda wa dukani ni bei kama hiyo. Si ningetumia kile?" Nimemjibu na nakujibu na wewe. Kikombe cha matunda kina sukari, rangi na vizito vya kushikilia, na vingine hupashwa moto baada ya kuganda ili vikae rafu muda mrefu, kwa hiyo ndani yake hamna kilicho hai. Ukipata cha maziwa matupu, kisicho na sukari, na kimeandikwa kwamba kina vijidudu hai, kitakufaa, sikukatazi. Tatizo ni kwamba hujui kimekaa juani mara ngapi tangu bandarini mpaka dukani.

Mbegu yangu mimi naianza upya kutoka kwenye unga wa vijidudu vyenyewe ninaoutunza kwenye friza. Siichukui kutoka mtindi wa juzi uliotoka mtindi wa mwezi uliopita. Kila ukirudia, aina moja ya vijidudu inaizidi nyingine, na mtindi unazidi kuwa mchungu na mwepesi. Nyumbani unaweza kurudia mara tatu au nne, ukichota mbegu kabla hujaanza kula na kuitumia ndani ya wiki. Zaidi ya hapo usinilaumu. Na umeme ukikatika usiku, mimi ndiye ninayeamka kutafuta barafu ya kuokoa friza. Hiyo shilingi 2,000 imo humo.

Lakini nitakuwa mwongo nikisema kila mara kosa ni la mteja. Mwaka wa kwanza wa biashara hii niliharibikiwa na lita 20 kwa siku moja. Nilipima joto, nilipima mbegu, kila kitu sawa, na bado saa nane baadaye maziwa ni maji. Nilikuwa tayari kuamini kuna jicho. Mzee mmoja aliyewahi kufanya kazi ya mifugo ndiye aliyenipa jaribio ambalo nalitumia mpaka leo: mbegu ileile, itie kijiko kwenye kikombe cha maziwa ya pakiti na kijiko kwenye kikombe cha maziwa unayoyashuku, joto moja, muda mmoja. Ya pakiti yakaganda. Yangu hayakuganda. Basi mbegu ni nzima, maziwa ndiyo yenye kitu. Nilipombana aliyeniletea akakiri: ng'ombe mmoja alikuwa na uvimbe wa kiwele, alichomwa sindano, na maziwa yake yaliingizwa kwenye dumu kabla siku alizotaja daktari hazijaisha. Dawa inayoua vijidudu vya kiwele inaua na vya mtindi. Kuchemsha hakuiondoi. Tangu siku hiyo kila dumu linalokuja kwangu linatolewa kikombe cha jaribio kwanza, na ndiyo sababu mtindi wangu hautoki kabla ya alasiri hata ukinibembeleza.

Maziwa ya mama ya usiku ule hatukuweza kuyaokoa. Angegundua ndani ya saa tatu nne, tungeyapoza mpaka 43 na kutia mbegu nyingine. Yakishalala usiku kucha kwenye uvuguvugu bila kuganda, usiyaonje wala usiyatie kwenye chai. Mwaga. Alimwaga huku anahesabu kwa sauti bei ya kila lita, nami nikatazama pembeni.

Vipimajoto vya jikoni nimeanza kuviweka dukani. Ni ghali kuliko kikombe cha mbegu, najua, na ni rahisi kuliko lita 3 za maziwa. Asiyetaka kununua nitamwazima kwa siku moja akiacha kitu cha rehani. Mbegu mpya inakuwa tayari Jumatatu na Alhamisi baada ya alasiri. Njoo na kikopo chako chenye kifuniko, kiwe kikavu. Na mtindi ukikataa, kabla ya kunipigia kunitukana, niletee kikombe kimoja cha maziwa yaleyale mabichi uliyotumia. Nitakufanyia lile jaribio la vikombe viwili bure, na kikombe cha mbegu yangu kisipoganda kwenye ya pakiti, narudisha pesa yako na ya maziwa.