Barua ya wazi kwa Meneja Rasilimali Watu: siku zangu 18 za likizo

Tanga,
8 Desemba 2025.

Ndugu Meneja,

YAH: OMBI LA KUHAMISHIA MWAKANI SIKU 18 ZA LIKIZO, AU KULIPWA

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni karani wako wa kuhesabu mizigo, niliyeajiriwa tarehe 1 Septemba 2021. Naandika barua hii kwa uwazi kwa sababu tangazo ulilobandika pale mlangoni kwa mlinzi, kwamba likizo isiyotumika hadi 31 Desemba inakufa, limewagusa wengi, na baadhi yao wameshakata tamaa bila kuuliza.

Tarehe 9 Juni nilianza likizo yangu ya siku 28. Nilikwenda Pangani kumwezekea mama jiko lake. Siku ya kumi, upande mmoja nimeshauezua na makuti mapya yamelala uani, msimamizi akanipigia simu: meli ya mbolea imeingia, karani mwenzangu anaumwa, nirudi. Ujumbe aliofuatisha kwenye simu ninao. Usiku ule tulifunika jiko kwa turubai la kuazima, na tarehe 19 Juni asubuhi nilikuwa getini.

Sasa, kwenye jedwali la likizo ofisini kwako salio langu linasomeka sifuri. Fomu yangu ilijazwa 9 Juni hadi 6 Julai, na hakuna aliyeirekebisha niliporudi. Lakini ukifungua daftari la mahudhurio utakuta sahihi yangu kuanzia 19 Juni, na karatasi za kuhesabia shehena za siku hizo zina mwandiko wangu. Siku 10 nilipumzika, 18 nilikuwa kazini. Nakala nimeziambatisha.

Kuhusu hiyo 31 Desemba, naomba tusome pamoja vifungu vya 30 na 31 vya Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004. Mzunguko wa likizo ni miezi 12 inayohesabiwa tangu mtu alipoajiriwa, haufuati kalenda ya ukutani ila mwajiri na mfanyakazi wakikubaliana hivyo. Wangu ulianza 1 Septemba 2024, ukaisha 31 Agosti 2025. Baada ya hapo mwajiri ana miezi 6 ya kunipa likizo hiyo, yaani hadi mwisho wa Februari 2026. Muda huo unaweza kufika miezi 12 kwa masharti mawili yanayokwenda pamoja: mimi niridhie, na shughuli za kampuni ziwe zimelazimisha. La pili nadhani meli ya mbolea imeshalijibu. La kwanza nalitimiza hapa: naridhia.

Ombi langu basi ni kuanza tarehe 2 hadi 19 Machi 2026, Jumapili zikiwamo, kwa kuwa likizo yetu inahesabiwa kwa siku zinazofuatana. Itaniangukia ndani ya Ramadhani, na Idi ikiandama baada ya hapo nitakuwa nimeshamaliza jiko. Kwa vile tarehe hizo zinavuka Februari, nahitaji kibali chako kwa maandishi. Neno la mdomo halitanisaidia: mfanyakazi akiondoka kazini, hawezi kudai malipo ya siku alizoziacha zipite muda uliowekwa. Aliyeambiwa "tutaangalia" akasubiri, hasara ni yake.

Ikiwa Machi haiwezekani, naomba nilipwe. Kifungu hicho cha 31, baada ya marekebisho ya mwaka 2010, kinaruhusu mfanyakazi kwa hiari yake kufanya kazi wakati wa likizo, kwa malipo ya mshahara wa mwezi mmoja badala ya likizo, mradi asipitishe miaka miwili mfululizo bila kupumzika. Mshahara wangu ni shilingi 560,000. Nikiugawa kwa siku 28 napata 20,000 kwa siku, na kwa siku 18 ni 360,000. Hiyo ni hesabu yangu. Mhasibu akiwa na nyingine, anionyeshe.

Najua nitaambiwa kuwa mshahara wa Juni nilipokea. Ni kweli, ila huo ni mshahara wa likizo, ambao ningeupata hata nikiwa nimekaa juu ya paa kule Pangani. Kazi ya zile siku 18 bado haijalipwa kwa pesa wala kwa mapumziko. Na kama ungeniuliza ningependelea kipi, ningechagua mapumziko. Turubai si letu.

Naomba kwanza salio lisahihishwe lisomeke 18, kisha nipate jibu la maandishi kabla ya 31 Desemba. Kwa wenzangu walio kwenye hali kama yangu, naomba tangazo lile libanduliwe na kila mmoja aandikiwe tarehe ya mwisho ya mzunguko wake mwenyewe.

Wako mtiifu,

Karani wa kuhesabu mizigo, zamu ya asubuhi