Arbuni ya wageni tuiache kwenye USDC mpaka msimu uanze?

Ndugu mshauri, salaam.

Mimi na mwenzangu tuna kampuni ndogo ya kupandisha wageni Kilimanjaro, hapa Moshi. Wakala wetu wa ng'ambo amechoshwa na makato ya benki, sasa anataka arbuni ya msimu ujao, dola 10,000, aitume kwa USDC, sarafu ya kidijitali inayokusudiwa kuwa sawa na dola moja kila moja. Mwenzangu anasema tupokee na tuziache hukohuko kwenye simu hadi wageni wafike, maana "hiyo ni dola tu, haipandi haishuki".

Hapo ndipo tunapobishana. Circle, kampuni inayotoa sarafu hiyo, hupokea dola, hutoa sarafu, na dola zenyewe huziweka benki na kwenye hati za muda mfupi za serikali ya Marekani. Sarafu ikishuka sokoni hadi senti 98, wafanyabiashara wakubwa huinunua, huirudisha Circle na kupewa dola nzima. Kununua kwao ndiko kunakoirudisha bei juu. Lakini wenye akaunti ya kubadilishia Circle ni wakubwa hao. Sisi wa Moshi tunamuuzia aliyeko sokoni, kwa bei ya saa hiyo.

Sasa angalia Machi 2023. Ijumaa tarehe 10, Silicon Valley Bank ilifungwa, na Circle ikatangaza kwamba dola bilioni 3.3 za akiba yake zilikuwa humo, kati ya kama bilioni 40. Hilo ni pengo la asilimia 8 hivi. Jumamosi USDC ikaanguka hadi takriban senti 88, yaani zaidi ya pengo lenyewe. Kwa nini? Benki zimefungwa wikendi, ubadilishaji wa kawaida umesimama, na hakuna aliyejua fedha zile zitapatikana lini. Jumapili serikali ya Marekani ikatangaza kwamba wenye amana watalipwa zote, na Jumatatu bei ikawa imekaribia dola moja tena.

Mwenzangu anaitumia habari hiyohiyo kunishinda: "Si ilirudi?" Ilirudi, ndiyo, kwa aliyeweza kusubiri. Ila wapagazi wakishuka Jumamosi wanataka ujira wao siku hiyohiyo, na wana haki. Elfu kumi yetu siku ile ingeuzwa kwa kama 8,800. Pengo la 1,200 lingetoka mfukoni mwetu, na Jumatatu isingelirudisha. Tena safari ile akiba iliokolewa na serikali. Sioni popote palipoandikwa kwamba italazimika kufanya hivyo kila mara.

Taarifa za akiba za kila mwezi nazisoma, lakini zinaonyesha hali ya siku zilizokwisha kupita.

Nimependekeza tubadilishe zote siku zinapoingia. Yeye anasema tutakula hasara ya makato bure. Je, tukibadilisha sehemu ya ujira na ada za hifadhi mara moja, iliyobaki ikasubiri, tutakuwa tumejikinga vya kutosha? Na katika taarifa ile nitazame wapi kwanza: kiasi kilichoko benki, au majina ya benki zenyewe?

Mpandisha wageni, Moshi